OTP Ilienda Migori

Ilikuwa Jumanne, kama saa tisa mchana, na mradi wetu ulikuwa uzinduliwe Jumamosi. Nilikuwa nimekaa kwa kibanda hapa Asumbi nakula chapo na madondo, roho safi kabisa. Mahema yalikuwa yamelipiwa, chifu alikuwa amealikwa, na tangi la lita 10,000 lilikuwa limejaa. Halafu kijana wetu wa programu akanipigia simu.

"Boss, msimamizi wa Paybill ya kikundi ni nani? Nataka kuwasha mambo ya kulipa, na inatuma OTP kwa simu yake."

Wasee, chapo ilinikwama hapa kooni. Mimi ndiye nilikuwa meneja wa mradi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba kuna mtu kama huyo.

Wacha niwapange. Kikundi cha akina mama kilikuwa kinajenga kioski cha maji. Unakuja na jerikani ya lita 20, unalipa bob tano kwa M-Pesa, bomba linafunguka. Hakuna kushika cash. Hiyo ya cash ilikuwa muhimu sana kwao, kwa sababu huko nyuma pesa ya kikundi iliwahi kukosekana na watu wakagombana vibaya. Mimi niliajiriwa kwa wiki sita kupanga kazi: fundi bomba, fundi umeme, programu, sherehe. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya umeneja, na nilikuwa na jedwali safi la rangi tatu. Kijani ilikuwa kazi imeisha, njano inaendelea, nyekundu imekwama. Hiyo Jumanne karibu kila kitu kilikuwa kijani.

Sasa swali ni, kitu kikubwa hivyo kilijifichaje wiki tano nzima?

Kilijificha kwa sababu majaribio yalifaulu. Ukijenga kitu kinacholipwa na M-Pesa, unaanzia kwa uwanja wa majaribio, `sandbox.safaricom.co.ke`. Huko unaazimwa nambari ya Paybill ya kujaribia, `174379`, ile ile wanayotumia wanafunzi na mafundi wote wanaojifunza. Unabonyeza, simu inaleta ujumbe wa kuweka PIN, jibu linarudi, bomba linafunguka, watu wanapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, kisha nikaenda kwa jedwali nikapaka "Malipo" rangi ya kijani.

Lakini siku ya kwenda hewani unahamia `api.safaricom.co.ke`, na huko haujaazimwa kitu. Unakuja na Paybill yako mwenyewe, na lazima mwenye Paybill athibitishe kwamba anajua na anakubali. Ndiyo maana ya hiyo OTP. Ni mpango mzuri, usipokuwepo mtu yeyote angeweza kujiunganisha na pesa ya kikundi chenu. Kosa lilikuwa langu. Uwanja wa majaribio ulinipa bure kitu ambacho kwa maisha halisi nilipaswa kukitafuta, na kwa sababu nilipewa bure sikukiona.

Kwa jedwali langu kulikuwa na mstari mmoja umeandikwa "Kuunganisha Paybill, siku 1". Na ni ukweli, kazi yenyewe haimalizi hata siku moja. Shida ni kwamba nyuma ya huo mstari kulikuwa na binadamu, na mimi niliandika kazi tu bila kuandika binadamu.

Nikakimbia kwa mwenyekiti. Ni mwalimu mstaafu, kila mtu hapa anamwita Japuonj. Nikamuuliza msimamizi wa Paybill ni nani. Akanyamaza muda mrefu hadi nikajua jibu ni baya.

"Ni yule mweka hazina wa zamani," akasema. "Aliondoka na hasira. Sasa anakaa Migori."

Yaani ile pesa iliyokosekana, yeye ndiye aliyenyoshewa kidole. Hakuna aliyethibitisha kitu, lakini watu walisema, akachoka, akahama. Na laini yake ya simu ndiyo bado ilikuwa imesajiliwa.

Hapo nikafanya kile nilipaswa kufanya wiki ya kwanza. Nikachukua karatasi nikahesabu. Kumbadilisha msimamizi ni lazima kikundi kikutane, kiandike kumbukumbu za mkutano na barua, viongozi watie sahihi. Katiba yao inasema notisi ya mkutano ni siku 7. Kwa hivyo tukitoa notisi leo Jumanne, mkutano ni Jumanne ijayo. Barua inapelekwa Jumatano. Nikaweka siku 5 za kazi za kubadilishiwa, na hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu siku 5 za kazi zinaruka wikendi. Inaisha Jumanne nyingine. Jumatano tunaunganisha, Alhamisi tunajaribu na pesa ya ukweli, Ijumaa ni siku ya akiba kama kitu kitakataa. Jumamosi tunafungua.

Jumamosi hiyo ilikuwa wiki mbili kamili baada ya ile tuliyotangaza kanisani.

Ona hiyo hesabu vizuri. Kuunganisha ni siku moja, na kungoja ni karibu zote zilizobaki. Na hakuna mahali ungeharakisha kwa kuongeza watu. Ningeleta mafundi kumi, notisi bado ni siku 7. Lakini ningeanza hiyo safari wiki ya kwanza, wakati fundi bomba bado anachimba mtaro, ingeisha wiki ya tatu na ningebaki na wiki tatu za akiba bila kulipa hata shilingi. Kazi ile ile, urefu ule ule. Ikianza mapema hakuna anayeihisi, ikianza mwisho inabeba uzinduzi wote mgongoni.

Usidhani ni sisi wadogo tu. Kule Marsabit walisimamisha mitambo 365 ya upepo karibu na Loiyangalani, mradi wa megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017. Lakini laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 kuja hadi Suswa ilikuwa mradi mwingine, na kampuni iliyokuwa ikiijenga ikafilisika katikati. Umeme ulianza kuingia kwa gridi Septemba 2018. Mitambo ilikuwa mizima na upepo upo, ila ilikuwa inangoja kitu ambacho hakikuwa mikononi mwa waliosimamisha mitambo.

Turudi kwetu. Jumatano asubuhi wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa njia ya mkato: apigiwe simu, atusomee hiyo OTP, tuzindue Jumamosi, mengine baadaye. Mimi pia nilitaka hivyo, sitawadanganya. Japuonj akapiga. Mama akajibu kwa upole sana kwamba amefundishwa asimpe mtu yeyote OTP kwa simu, akakata.

Na kwani alikosea wapi?

Nikapanda gari, Rongo, Awendo, mpaka Migori. Nilimkuta anauza nguo za mitumba. Hakutaka kuongea chochote kabla sijala. Nikala. Ndipo nikamweleza yote, na nikamwambia wazi kwamba ni mimi nilisahau, hakuna aliyenituma kumlaumu.

Akaniangalia. "Nyathina," akasema, "hiyo OTP naweza kukuwekea sasa hivi, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Lakini mkisahau neno la siri mwezi ujao, itakuja kwa simu gani?"

Sikuwa na jibu, mama.

"Na pesa ikikosekana tena," akaendelea, "watasema msimamizi ni nani?"

Mambo yangu yote ya jedwali na rangi, na huyu mama ndiye aliyeona hatari vizuri kuniliko. Njia ya mkato ingetupitisha mlango mmoja, halafu ingekificha kile kitu tena, safari hii ndani ya kioski kinachofanya kazi na pesa ya watu ndani yake. Nilimwambia sitaki OTP tena. Nilimwomba aje mkutanoni Jumanne ijayo akabidhi rasmi, na iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba alikabidhi kila kitu. Akasema atakuja akiitwa kwa barua, kama mtu. Japuonj aliandika barua usiku huo huo.

Jumamosi tukagawanya uzinduzi. Maji yakafunguliwa, kwa sababu maji hayakutegemea OTP ya mtu. Kulipa tukatumia vitabu vya risiti vyenye nakala, muuzaji mmoja na mhesabu mwingine, na ubao mkubwa ukisema kulipa kwa simu kutaanza tarehe fulani. Kuna mama alinisema mbele ya watu: "Si mlituambia hakuna cash?" Nilimjibu kwamba ni kweli na mimi ndiye nilichelewesha. Iliuma. Lakini chukulia angekuja na jerikani tano juu ya punda, alipe, bomba likatae. Huyo harudi, na anaambia kijiji kizima.

Wiki mbili baadaye malipo yakaanza. Ijumaa ya akiba tuliitumia, kwa sababu Alhamisi bomba lilifunguka mara mbili kwa malipo moja na tukahitaji siku ya kurekebisha. Yule mama wa Migori alikuja mkutanoni, akakabidhi, akapigiwa makofi ambayo nadhani alikuwa anayangoja miaka.

Siku hizi jedwali langu lina safu mbili mpya. Ya kwanza inauliza: "Nani nje ya timu lazima aseme ndiyo ili hii iishe?" Hapo siandiki jina la ofisi. Naandika mtu, na nampigia wiki ya kwanza kuhakikisha bado yuko na laini yake bado inaita. Ya pili inauliza: "Wakati wa kujaribu tuliazima nini?" Nambari, akaunti, umeme wa jirani, kitambulisho cha mtu, chochote. Kila kilichoazimwa kinapata mstari wake na siku zake, na hakuna kijani mpaka tuwe na chetu.

Na nikiona kazi imeandikwa "siku 1", nauliza kwanza: siku moja ya kufanya sawa, lakini siku ngapi za kungoja?

Wewe unazindua kitu chako lini, na OTP itaingia kwa simu ya nani?