Saa Tatu na Nusu ya Nani

Jumatatu, 6 Oktoba

Bosi ameingia akiniita bingwa. Eti Jumamosi tumeuza mara nne ya Jumamosi yoyote ya mwaka huu, ripoti yangu ndiyo inayosema. Nikacheka naye. Alipotoka tu, tumbo likanikata.

Mama Zuhura wa uhasibu hakucheka. Kaja na slipu za benki, kaziweka juu ya kibodi. "Mwanangu, hizi pesa za ripoti yako ziko wapi? Benki hazikufika."

Hazikufika kwa sababu hazipo. Nimefungua jedwali la ripoti: karibu kila risiti imo mara nne. Si mara tatu hapa na tano kule. Nne kamili. Chache zimo mara moja tu, hizo nimeziruka, sina nafasi ya kushughulika na zilizo sawa.

Kilichobadilika ni kimoja. Ijumaa usiku tulimhamisha Mchotaji kutoka ile kompyuta ya chini ya meza kwenda kwenye seva ya kukodi. Kazi yake haikubadilika: kila saa inapogonga anachota mauzo ya saa moja iliyopita, anayamimina kwenye ripoti. Hata herufi moja ya msimbo wake haikuguswa. Niliapa mbele ya bosi. Natumaini sikuapa bure.

Jumanne, 7 Oktoba

Leo nimeogopa kidogo. Swali lilelile, hifadhidata ileile, dakika ileile:

```sql
select count(*) from mauzo
where created_at > now() - interval '1 hour';
```

Kwenye kompyuta yangu: 41. Kwenye seva: 168. Nimerudia. Nimeenda kunywa chai, nimerudi, nimerudia tena. Hifadhidata moja haiwezi kuwa na majibu mawili. Kumbe inaweza.

Baada ya adhana ya alasiri nikapata wazo la kuandika `show timezone;` pande zote mbili. Kwangu: `Africa/Dar_es_Salaam`. Seva: `UTC`.

Niandike kabla halijanitoka. Safu ya `created_at` ni `timestamp without time zone`. Imebeba 09:30 basi, haisemi ni 09:30 ya wapi. `now()` yeye anaijua nukta halisi ya wakati, popote duniani. Ili PostgreSQL iwalinganishe hawa wawili, lazima ile 09:30 ipewe ukanda wa saa kwanza, na inaupata kwa kuazima wa kikao kilichouliza. Kikao nacho kinautoa wapi? Kiunganishi cha Java, kinapobisha hodi tu, kinaiambia hifadhidata ukanda wa mashine kilipo. Kompyuta ya chini ya meza ilikuwa mtoto wa Dar. Seva ya kukodi inaishi kwa saa za Greenwich.

Kwa hiyo mauzo ya 09:30, saa tatu na nusu yetu asubuhi, seva inayaona ya 09:30 ya Greenwich, yaani 12:30 yetu. Mauzo ya kesho ya mtu mwingine! Mchotaji anapoulizia "saa moja iliyopita" anazoa na tatu za nyuma yake. Risiti ya 09:30 ilichotwa 10:00, ikachotwa 11:00, 12:00, 13:00. Saa 14:00 ndiyo ikaachiwa.

Mara nne. Sikuapa uongo, msimbo haukuguswa. Uligeuka maana peke yake kwa kuhama nyumba.

Jumatano, 8 Oktoba

Nilidhani leo ni siku ya kumaliza. Nimeweka dawa kwenye jedwali la majaribio, namshukuru Mungu ni la majaribio:

```sql
created_at at time zone 'UTC+3'
```

Sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich, nani asiyejua? Kufika jioni karibu kila risiti ya asubuhi imo mara saba. Saba!

Nikaitazama risiti moja. Iliandikwa 09:30, sasa inaonyeshwa 15:30. Saa sita mbele. Nikahisi labda ni mimi nasoma kwa Kiswahili, maana 09:30 ni saa tatu na nusu, na skrini inaniambia tatu na nusu ya Kizungu, ila ya mchana. Dakika kumi nzima niliamini hifadhidata imejifunza kuhesabu saa kama bibi yangu. Nilichoka, hiyo ndiyo kweli.

Jibu ni baya kuliko hilo. Ukiandika ukanda kwa namna hiyo, PostgreSQL inafuata kanuni ya zamani ya POSIX ambapo alama ya kujumlisha inaelekea *magharibi* ya Greenwich. 'UTC+3' ni sisi tumehamishwa hadi upande wa pili, katikati ya Atlantiki. Badala ya kuondoa kosa la saa tatu nimeongeza tatu nyingine. Jina la mji lingenisaidia, mji hauna kujumlisha wala kutoa.

Usiku. Sina njaa.

Alhamisi, 9 Oktoba

`'Africa/Dar_es_Salaam'`. Hesabu zimekaa. Seva 38, kwangu 38. Nimemlazimisha Mchotaji atangaze ukanda wake mwenyewe kila anapofungua kikao, asiazime tena wa mwenyeji.

Pia nimeifanya namba ya risiti isirudiwe kwenye ripoti. Ikija mara ya pili inapuuzwa. Nilipaswa kufanya hivyo siku ya kwanza, ni aibu yangu. Lakini kuna kitu kinanichokonoa: ningekuwa nimefanya hivyo mapema, zile nne zingekuwa moja, hakuna ambaye angeshtuka, na Mchotaji angeendelea kusoma saa visivyo hadi nistaafu.

Bosi haniiti bingwa tena. Sawa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama Zuhura. Slipu. Kibodi.

Safari hii ripoti imepungua. Mauzo ya jana ya vijana wa pikipiki, wale wanaopeleka dawa na kukata risiti kwenye simu, hayamo hata moja. "Lakini hilo si jipya," akasema. "Tangu Agosti naandika pembeni, kwenye daftari langu. Nikajua ndivyo mlivyo." Ndivyo mlivyo! Miezi miwili mama wa watu anafanya kwa kalamu kazi ya Mchotaji.

Akanipa risiti ya karatasi, imepigwa 12:09. Nikaitafuta kwenye chanzo, na majirani zake:

```
  id   | created_at
 88412 | 12:08:51
 88413 | 09:09:30
 88414 | 12:10:02
```

Namba za `id` zinapanda kwa utaratibu, saa inaruka nyuma tatu kisha inarudi. Huyo wa katikati ndiye wa simu.

Kumbe safu moja ina waandishi wawili. Kompyuta ya kaunta hufungua kikao cha Dar. Huduma ya simu iko ughaibuni, kikao chake ni UTC. Wote wanamwachia `now()` ajaze saa. Hifadhidata inaipokea ile nukta, inaigeuza kuwa saa ya kikao, halafu inautupa ukanda. Imebaki namba tupu. Mchotaji akisoma kwa saa za Dar anaiona risiti iliyokatwa sasa hivi kama ya saa tatu nyuma, imeshampita, haichoti. Hakuna kosa linaloandikwa popote. Taa ya kijani.

Ndipo nikakumbuka zile chache za Jumatatu, zilizoingia mara moja. Nimerudi kuziangalia. Za simu, zote. Seva iliyokuwa inasoma kwa UTC ilizisoma sawasawa. Zile siku za aibu yangu ndizo siku pekee tangu Agosti ambazo vijana wa pikipiki walihesabiwa vizuri.

Sijui nicheke.

Jumanne, 14 Oktoba

Nyerere Day. Nyumbani. Mama kanituma sukari, nikarudi na chumvi.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimempigia mwenye mfumo wa mauzo. Nimemwomba safu iwe `timestamptz`, inayotunza nukta yenyewe. "Kaka, mfumo unafanya kazi, tusiuguse." Nilikasirika, baadaye nikaona ana nusu ya haki bila kujua. Tukiibadilisha safu yote kwa amri ya kawaida, ukanda mmoja unatumika kwa mistari yote. Tukitaja Dar, tumeyagandisha makosa ya simu milele, tena yakiwa yamevaa nguo safi.

Basi Mchotaji asiulize saa kabisa. Sasa anakumbuka `id` ya mwisho aliyoichota na kuendelea mbele. Anarudia pia 500 za nyuma kila safari, kwa sababu anayepewa namba kwanza si lazima ndiye anayemaliza kuandika kwanza. Risiti yenye namba ndogo inaweza kuchungulia baada ya kubwa kupita. Marudio yanapuuzwa. Saa anairekebisha baadaye kwa safu ya `kifaa`: kaunta ni Dar, simu ni UTC.

Leo jioni daftari la Mama Zuhura na ripoti vimelingana hadi shilingi. Alilifunga, akaliweka kwenye droo. Hakulitupa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Za zamani. `kifaa` kilianza kuandikwa tarehe 8 Septemba. Kabla ya hapo mstari haujulikani mama wala baba. Nimetumia majirani: saa ikiruka nyuma huku `id` inapanda, huyo ni wa simu. Imefaa kwa karibu zote. Zisizokubali ni za mwanzo na mwisho wa siku, ambazo jirani yuko mbali. 08:05 ikiwa ya kwanza na inayofuata ni 11:20, inaweza kuwa kaunta ya 08:05 au simu ya 11:05. Zote mbili zinapita mlangoni.

Zimebaki kumi na moja. Kumi hazina madhara, siku ni ileile. Moja imeandikwa 31 Agosti, 22:40. Ikiwa ya kaunta, ni Agosti. Ikiwa ya simu, ni 01:40 ya tarehe 1 Septemba, na hesabu za Agosti zimefungwa. Shilingi 18,500.

Nilitaka kuandika "haijulikani". Mama Zuhura akanitazama kama nimemtukana, akachukua simu, akampigia kijana wa pikipiki wa usiku. Akaweka sauti ya nje.

"Naikumbuka, mama. Ile ya mgonjwa wa pumu, tairi likanipasukia. Ilikuwa saa saba na kitu."

Saa saba usiku. Basi simu. Basi Septemba. Nikaanza kuandika.

"Tarehe ngapi, baba?" akamuuliza.

"Usiku wa tarehe thelathini na moja."

Mama Zuhura akakata simu, akaniambia niandike Agosti.