Salamu ya Ndani ya Lifti

Mwezi uliopita tulikwenda kumzuru jamaa yetu aliyelazwa katika hospitali moja mjini Mombasa. Lifti ilipofunguka, alikuwamo mwanamke mmoja peke yake, ameshika mfuko wa dawa. Tuliingia tukatoa salamu, naye akaitika kwa sauti ya chini. Hapo ndipo tulipopaswa kunyamaza. Lakini ulimi wetu umezoea kufululiza kama wafanyavyo watu wa mtaani kwetu: mgonjwa ni nani, anaumwa na nini, na wewe ni mwenyeji wa wapi? Alijibu mawili, la tatu akalijibu kwa kuutazama mlango. Lifti iliposimama ghorofa ya pili akatoka upesi, na kitufe cha tano alichokibonyeza mwenyewe kikabaki kinawaka. Tulipanda hadi juu tukiwa na haya.

Salamu haikuwa kosa. Imepokewa kutoka kwa Asmaa bint Yazid kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapitia wanawake waliokuwa wameketi, akawasalimu. Ila hao walikuwa kundi. Mwanamke aliye peke yake na mwanamume asiye maharimu wake, wanazuoni wamelitazama jambo lake kwa tahadhari zaidi, na sanduku lile lenye mlango uliofungwa lazidisha uzito. Sasa twaona ni bora mwanamume angoje lifti ijayo. Akiwa keshaingia, salamu moja yatosha. Asisimame kati ya yule bibi na mlango, wala asimuulize aendako. Nanyi dada zetu, salamu mkishaiitika, maswali ya mgeni hayawi deni juu yenu.

Chumba cha kungojea daktari kina wasaa zaidi, kwani watu ni wengi na mlango u wazi. Aingiaye ndiye aanzaye, na mmoja wa waliokaa akiitika, amewatosheleza wenzake. Hapana haja ya kuzunguka kiti kwa kiti kutoa mkono, hasa penye wenye homa na vifua. Wasipokuwa Waislamu wote, kuongeza "habari za asubuhi" kwamfikia kila mmoja. Kuhusu sauti, Miqdad (R.A.) ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akija usiku hutoa salamu asikiayo aliye macho, isimwamshe aliyelala. Mama aliyekesha na mtoto mgonjwa, akapata usingizi kidogo kitini, ana haki ya sauti hiyo. Na swali la "unaumwa nini?" tuliache kwa daktari, huenda mtu amekuja kwa jambo ambalo hata dada yake halijui.

Juzi tulirudi hospitalini. Ndani ya lifti walikuwamo mama mmoja na kijana wake wa miaka minne hivi. Tulitoa salamu, tukaitikiwa, tukawa twatazama namba za ghorofa. Tulipofika ya tatu, yule mtoto akatuvuta kanzu, akauliza: "Babu, waenda wapi?"