Ulimi Kati ya Meno: Makosa Yangu katika Kufundisha Matamshi ya Kiingereza

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilimsimamisha mvulana mmoja wa darasa la tano na kumwamuru aseme "thank you" mbele ya wenzake. Akasema "sank you". Nikamrudisha mara sita, na kila mara darasa lilicheka zaidi. Tangu siku ile hadi mwisho wa muhula mvulana yule hakunyosha mkono tena katika kipindi cha Kiingereza. Naeleza habari hii kwa sababu ndiyo iliyonilazimisha kuchunguza nilichokuwa nikikifundisha.

Baadaye nilimfanyia jaribio dogo. Nilifunika kinywa changu kwa daftari, nikatamka maneno kumi, mengine "think", mengine "sink", bila mpangilio. Aliandika 1 kwa la kwanza na 2 kwa la pili. Alipata matano, yaani sawa na mtu anayebahatisha. Kumbe kosa halikuwa la ulimi wake tu. Sikio lake lilikuwa halijazitenga sauti hizo mbili. Tangu hapo huanza na sikio, na simwambii mwanafunzi atamke mpaka apate angalau manane katika kumi. Ndugu mwanachuo, usisahau lile daftari. Sauti ya th huonekana mdomoni, na mtoto mwerevu atakujibu kwa macho.

Kutamka huanza na Kiswahili chenyewe. Tunayo sauti hiyo katika "thamani" na "thelathini", na mwenzake katika "dhahabu" na "dhambi". Mvulana yule, kwa mazoea ya kwao, alisema "selasini" na "zahabu". Basi tulianza na thelathini: ncha ya ulimi iguse meno ya juu na ionekane kidogo, pumzi ipite bila kukatizwa. Kisha kiganja kooni: katika dhahabu koo hutetemeka, katika thamani halitetemeki.

Lakini yupo msichana mmoja aliyetoka pwani, mwenye thelathini safi kabisa, ambaye alisoma "this" kwa th ya thamani. Hakukosa ulimi, alidanganywa na maandishi. Kiswahili huandika sauti hizi kwa herufi tofauti, lakini Kiingereza huziandika zote th. Niliwapa kanuni hii: mwanzoni mwa maneno madogo ya kuonyesha na kuunganisha, kama "this", "that", "they", "then" na "the", soma dh; mwanzoni mwa mengi mengineyo, kama "think", "three" na "thin", soma th. Neno "through" huivunja kanuni, lakini hilo linaweza kungoja.

Jihadhari na jambo moja. Baada ya wiki ya mazoezi ya th peke yake, nusu ya darasa langu walisema "thister" badala ya "sister". Changanya s na th tangu siku ya pili: "six thin sisters", polepole kwanza, kisha kwa mwendo wa kawaida.

Irabu i ilinitesa zaidi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba "ship" ni fupi na "sheep" ni ndefu, nami nikafundisha hivyo hivyo. Wanafunzi wakaivuta i yao ya Kiswahili kwa neno moja na kuikata kwa jingine, lakini i ikabaki ile ile. Urefu peke yake haufai kuwa kipimo, kwa kuwa irabu ndefu ya Kiingereza hufupika inapofuatwa na p, t au k. Irabu ya "beat" huweza kukaribiana kwa urefu na ile ya "bid", na bado msikilizaji wa Kiingereza hazichanganyi.

Tofauti kubwa imo katika mahali pa ulimi. Irabu ya "sheep" tunayo karibu kamili katika neno "tii". Irabu ya "ship" ndiyo ngeni. Mwambie mwanafunzi aseme "kiti", kisha "kete", kisha asimame katikati ya i na e, midomo ikiwa imelegea, bila tabasamu. Akifika huko, mpe jozi: "ship" na "sheep", "sit" na "seat", "live" na "leave". Sikiliza pia mwisho wa neno, maana wengi huongeza irabu na kusema "shipi"; hapo i hupata mkazo na kurefuka, na kazi yote huharibika.

Zoezi ninalolipenda ni la sentensi mbili ubaoni: "I want to live here" na "I want to leave here". Mwanafunzi mmoja husoma moja aipendayo, wenzake humjibu "Kaa" au "Kwaheri". Wakijibu sivyo, msomaji hujua mwenyewe, bila mwalimu kutia neno.

Mvulana yule alipata tisa katika kumi kwa th katika wiki ya tatu. Katika mazungumzo ya haraka bado husema "sank you", lakini sasa husimama mwenyewe, huitoa ncha ya ulimi, na kulirudia neno. Wa kwanza kumjibu "Kwaheri" siku aliyoisoma sentensi yake alikuwa yule msichana wa pwani, naye akamwambia, "Sikosei, nimekwambia kukaa."