Ada ya tuisheni mpaka pamba iuzwe

Hapa Bariadi wanafunzi nimewapata kwa mama wanaoniletea sare za shule kushona. Naomba daftari la hesabu la mtoto, namwonyesha mama anapokwama. Nafundisha darasa la nne tu, siku tatu kwa wiki baada ya Alasiri.

Muda huo cherehani ingenipa shilingi 3,000, basi watoto sita kwa 500 kila mmoja ndiyo inalingana. Wakibaki watatu, bora nishone.

Kwa mwezi ni 6,000, na mkulima hana hela mpaka pamba iuzwe. Tunaandika deni na mashahidi, kama Al-Baqara aya ya 282 inavyoagiza. Mama mmoja akataka kuniongezea 1,000 kwa kunisubirisha. Nikakataa, hiyo riba.