Mstari wa mwisho haukuingia

Yona alikosa shule siku tatu. Jumanne asubuhi aliamka anatetemeka, mama yake akampeleka zahanati, wakamtoboa kidole na kipimo kikaonyesha malaria. Akaandikiwa dawa mseto, asubuhi na jioni kwa siku tatu, na muuguzi akasisitiza kwamba ile dozi ya pili isisubiri jioni wala usingizi, inywewe saa nane baada ya ya kwanza, na mtoto ale kitu kwanza. Kufikia Alhamisi homa ilikuwa imeshuka. Vidonge vya mwisho vilibaki vya usiku huo, na Yona alishaanza kuuliza darasani wamefika wapi.

Wamefika kwenye hesabu za maneno. Mwalimu wa darasa la tano alikuwa ametoa swali moja refu la kufanyia nyumbani, na Ijumaa asubuhi lingesahihishwa ubaoni. Aliyeleta habari hiyo ni Yusufu, rafiki yake anayekaa ng'ambo ya barabara kuu, ile ya Dodoma na Morogoro inayopita katikati ya Kibaigwa. Daftari lake hakuja nalo, lilikuwa kwao.

Basi jioni, Neema, dada yake Yona aliye kidato cha pili, akatumwa. Mama alimpa simu yake na maneno mawili: apige picha, arudi kabla ya giza. Wanaoijua Kibaigwa wanaelewa kwa nini. Malori ya mahindi huingia na kutoka sokoni hadi usiku, mengine yamesimama kando ya lami, na mtoto anayetokea nyuma ya lori lililosimama haonekani na dereva anayekuja.

Kwa kina Yusufu taa ilikuwa moja, juu katikati ya chumba. Neema aliweka daftari kwenye stuli, akainama, kivuli cha kichwa chake kikaangukia ukurasa. Akasogea. Kivuli cha simu nacho kikaja. Akaisogeza simu juu kidogo kuelekea kichwa cha ukurasa, kivuli kikaondoka, akabonyeza kwa kidole gumba cha mkono uleule ulioshika simu. Akatazama ile picha ndogo kwenye kona ya kioo, akaona maandishi yamejaa, akashukuru, akaondoka mbio.

Yaliyotokea pale yanawatokea watu wazima kila siku. Simu inaposogezwa juu ili kukwepa kivuli, chini ya ukurasa kunatoka nje ya picha. Na kidole gumba kinapobonyeza kitufe kilicho chini kabisa, simu huinama kidogo wakati uleule picha inapochukuliwa. Ile picha ndogo ya kona nayo haimwambii mtu kitu, kwa sababu kwa udogo ule ukurasa uliokamilika na uliokatwa vinafanana.

Nyumbani Yona alikaa mkekani na daftari jipya, Neema akamsomea huku ananakili. Mkulima alivuna magunia 12 ya mahindi. Kila gunia lilikuwa na kilo 100. Aliuza kila kilo kwa shilingi 600 katika soko la Kibaigwa. Kisha Neema akanyamaza.

"Endelea, dada."

"Ngoja."

Akaikuza picha kwa vidole viwili. Mstari wa mwisho ulikuwepo, lakini nusu. Picha ilikuwa imepita katikati ya herufi kama kisu, vichwa vimebaki, miguu haipo. Akakuza tena, vichwa vikawa vikubwa na vyenye ukungu. Akafungua sehemu ya kuhariri, akajaribu kuvuta ukingo wa chini ushuke. Haukushuka. Hilo lilikuwa jaribio la maana, kwa kuwa wakati mwingine picha iliyokatwa kwa kuhaririwa ndani ya simu bado ina sehemu iliyofichwa, na ukivuta ukingo inarudi. Ya Neema haikuwa na kilichofichwa. Kamera yenyewe haikuwa imeuona mguu wa mstari ule, na kukuza picha hakuongezi kisichochukuliwa.

Mama alikuwa amerudi kutoka sokoni, ambako hupepeta na kuchekecha mahindi ya wafanyabiashara kabla hayajapimwa. Alikuwa anaosha vumbi miguuni. Neema akamwomba ruhusa ya kurudi kwa kina Yusufu.

"Kuvuka barabara saa hizi? Hapana."

Yona akaanza kulia kidogo, kilio cha mtoto aliyetoka kwenye homa. Neema akamwambia anyamaze, mstari huu utasomeka.

Na kweli ulianza kusomeka. Herufi zetu nyingi hujitambulisha kwa vichwa vyake. Ukifunika nusu ya chini ya sentensi kwa karatasi utaweza kuisoma kwa taabu kidogo. Ukifunika nusu ya juu utahangaika zaidi. Neema aliona N kubwa, kisha l ndefu na nukta ya i pembeni yake. "Nauli," akasema. Akaona k, akaona l, akabuni "kila." Neno lililofuata lilianza na vichwa vifupi na likawa na nukta karibu na mwisho, na kwa kuwa swali lote lilihusu magunia, hawakubishana: "gunia." Mwishoni palikuwa na kilemba cha alama ya kuuliza. Kwa dakika kumi hivi, wakiinamia kioo pamoja, walipata mstari mzima: Nauli ya kila gunia ilikuwa sh, halafu namba, halafu Alibaki na shilingi ngapi?

Ilibaki namba. Vilikuwa vichwa vinne, vyote vya mviringo.

"Mbili elfu," Yona akasema, machozi yamekauka.

"Kwa nini mbili?"

"Inaonekana."

Neema akachukua kalamu, akaandika 2 na 3 pembeni ya daftari, kisha akazifunika nusu ya chini kwa rula. Zikawa kitu kimoja. Akaandika 8 na 9, akafunika, nazo zikawa na kichwa cha mviringo. 5 na 7 ndizo zilizojitenga, kwa sababu zina bapa juu. Mkato kati ya elfu na mamia hukaa chini ya mstari, hivyo nao ulikuwa umekwenda na miguu.

Hapa ndipo kazi yao ya kubuni ilipofika mwisho, ingawa wenyewe hawakuona mara moja. Neno likikatwa, maneno ya jirani humsaidia msomaji. Baada ya "nauli ya kila" hakuna vitu vingi vinavyoweza kufuata. Namba haina jirani wa kuisemea. Hakuna kitu katika "ilikuwa sh" kinachodai mbili kuliko tatu.

Yona hakutaka kusikia hayo. Alizidisha 12 kwa 100, akapata kilo 1,200. Akazidisha kwa 600, akapata shilingi 720,000. Akachukua nauli ya 2,000, akazidisha kwa 12, ikawa 24,000. Akatoa. Akaandika 696,000 na kupiga mstari chini yake kwa rula, mistari miwili, kama mwalimu anavyotaka.

"Limetoka," akasema. "Lingekuwa siyo, lisingetoka."

Neema akafanya upande wa pili wa karatasi kwa 3,000. Nauli ikawa 36,000, jibu 684,000. Nalo likatoka, bila baki, bila ajabu yoyote. Akamwonyesha mdogo wake majibu yote mawili. Yona akayatazama kwa hasira kana kwamba moja lilikuwa limekuja kumdhulumu.

"Mwalimu hatajua," akasema. "Nilikuwa naumwa."

Mama alikuwa amesikia. Akaja, akachukua karatasi, akaiweka karibu na taa. Si mtu wa hesabu za ubaoni, lakini kwenye mizani ya soko lile ameona watu wakigombana kwa tarakimu moja iliyofutika kwenye karatasi, muuzaji anasema sita, mnunuzi anasema tano, na gunia limeshapakiwa.

"Kati ya hizi mbili kuna shilingi ngapi?" akauliza.

Yona akatoa kichwani. "Elfu kumi na mbili."

"Mimi kuipata hiyo napepeta siku ngapi?"

Hakujibiwa. Akamgeukia Neema. "Mama Yusufu si ana simu?"

"Ana kitochi, mama. Hakipokei picha."

"Nani amesema picha?"

Lilikuwa jambo dogo kiasi kwamba Neema aliona haya. Walikuwa wamekazana na picha kwa karibu saa nzima, na mstari wenyewe ulikuwa wa kusomwa kwa sauti tu. Mara ya kwanza kitochi kiliita mpaka kikakatika. Mara ya pili mama Yusufu alipokea, akasalimia, akamuuliza mama Neema hali ya mgonjwa, wakaongea habari za mgonjwa kwa urefu wake, salio likiisha. Ndipo akamwita mwanawe.

"Yusufu, shikamoo," Yusufu akasema kwa haraka, akijichanganya, na huku wote wakacheka.

"Soma mstari wa mwisho," Neema akamwambia. "Polepole. Ukifika kwenye namba, isome kwa maneno, halafu nitajie tarakimu moja moja."

Hilo nalo alilifikiri vizuri, kwa kuwa kwenye simu yenye mikwaruzo neno moja hupotea kirahisi, na namba ikitajwa kwa njia mbili, moja huisahihisha nyingine.

"Nauli ya kila gunia ilikuwa shilingi elfu tatu," Yusufu akasoma. "Tatu, mkato, sifuri, sifuri, sifuri. Alibaki na shilingi ngapi."

Neema akairudia kwake, Yusufu akasema ndiyo, salio likakata.

Mama akaleta uji wa maziwa, Yona akanywa, kisha akameza vidonge vya mwisho. Wakati huo Neema alilaza lile daftari jipya sakafuni, taa ikiwa upande wa mbele badala ya juu ya kichwa, akasimama wima na kuishika simu kwa mikono miwili. Akapiga picha ya ukurasa ambao hakuna aliyeuhitaji. Akaifungua kwa ukubwa wake na kuishusha hadi chini. Safari hii pembe zote nne za daftari zilionekana, na kuzizunguka ukaonekana mkeka pande zote. Chini ya mstari wa mwisho palikuwa na nafasi tupu ya karatasi. Akaitazama hiyo nafasi tupu muda mrefu kuliko maandishi.

Yona alikata 696,000 kwa mstari mmoja, akaandika 684,000 chini yake. Kisha akabaki ameshika kalamu.

"Kwa hiyo yule mkulima amepoteza elfu kumi na mbili?"

"Hajapoteza," Neema akasema. "Hakuwahi kuwa nazo."