Neno Moja, Hukumu Mbili: Tafsiri ya Maneno ya Kiingereza Yenye Maana Kinzani

Kiingereza kina maneno machache ambayo hubeba maana mbili zinazopingana. Si tofauti ya kawaida ya maana, kama ile ya paa la nyumba na paa wa porini, bali upinzani kamili: maana moja huvunja kile ambacho nyingine hujenga. Mfasiri anayefanya kazi yake Homa Bay au Migori, mahali ambapo Kiingereza cha ofisi, Kiswahili cha baraza na Kidholuo cha nyumbani hukutana kila siku katika shauri moja, hawezi kuyapuuza maneno haya. Kiswahili aghalabu hakimpi nafasi ya kuuacha utata ulivyo. Humlazimu kuchagua, na kuchagua huko ni kuhukumu.

Mfano unaofahamika zaidi ni kitenzi "cleave", ambacho humaanisha kushikamana na pia kupasua. Asili yake si fumbo. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na vitenzi viwili mbalimbali, kimoja cha kuambata na kingine cha kupasua, ambavyo matamshi yake yalikaribiana kwa karne nyingi hata vikaandikwa kwa namna moja. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inavitumia vyote viwili katika kitabu cha Mwanzo: mume na mkewe, kisha Ibrahimu na kuni za sadaka. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotolewa mwaka 1952, inaviweka mbali: pale mume anaambatana, na hapa kuni zinachanjwa. Anayekitafsiri kitenzi hiki kutoka Kiingereza husaidiwa na sarufi. Kikifuatwa na kihusishi cha kuelekea kitu, ni kushikamana. Kikishika yambwa yake moja kwa moja, ni kupasua. Hatari yake basi ni ndogo, kwani ishara imo ndani ya sentensi yenyewe.

Sivyo ilivyo kwa "sanction". Hapa hapakuwa na maneno mawili yaliyogongana. Ni neno moja la Kilatini, lenye maana ya kuitia sheria nguvu na kuifanya isivunjwe. Sheria iliyotiwa nguvu ina mikono miwili: mmoja hutoa ruhusa, mwingine huadhibu. Kiingereza kililirithi neno pamoja na mikono yote miwili, na Kiswahili hakina budi kuikata: ama idhini, ama adhabu.

Ili kuona ugumu wake, na ichukuliwe hati ya kubuni kutoka kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, uwe Mbita kwa upande wa Homa Bay au Sori kwa upande wa Migori. Kamati za usimamizi wa fuo, ambazo wavuvi huziita kwa herufi zake za Kiingereza BMU, ziliwekewa kanuni za kisheria mwaka 2007. Tuseme kwamba katibu wa kamati mojawapo ameandika kumbukumbu za mkutano kwa Kiingereza, na mfasiri anatakiwa kuziweka katika Kiswahili zibandikwe ubaoni. Katika aya ya kwanza kamati ime-"sanction" uvuvi wa omena wakati wa usiku. Katika aya ya pili ime-"sanction" wenye mashua watatu. Kitenzi ni kilekile, kamati ni ileile, lakini kinachotendwa si kimoja. Yambwa ikiwa ni tendo, mpango au matumizi ya fedha, kitenzi hiki huwa ni kuidhinisha. Yambwa ikiwa ni mtu, kundi au nchi, aghalabu huwa ni kuadhibu. Hivyo uvuvi wa usiku umeidhinishwa, na wenye mashua wameadhibiwa.

Nomino nayo ina dalili zake. Ikiwa katika umoja, na hasa ikitanguliwa na neno la "bila", kwa kawaida ni idhini. Ikiwa katika wingi, karibu daima ni adhabu. Hapo pana mtego mwingine. Redio na magazeti vimeizoesha Afrika Mashariki neno "vikwazo" kwa adhabu ambazo mataifa huyawekea mataifa mengine, kama zile ambazo Umoja wa Mataifa uliiwekea Iraki mwaka 1990. Mfasiri aliyezoea lugha ya habari huandika kwamba kamati ya ufuo imewawekea wavuvi vikwazo. Kikwazo ni kitu cha kumzuia mtu njiani. Mvuvi aliyetozwa faini hakuzuiwa, ameadhibiwa.

Mwishoni mwa kumbukumbu hizo imeambatishwa orodha yenye majina ya mashua kumi na mbili, na juu yake pana kichwa cha maneno mawili tu: "Sanctioned Boats". Hapo sarufi hunyamaza. Mashua si tendo wala si mtu, na kitenzi kimegeuzwa kuwa kivumishi kisichoonyesha mtendaji wala sababu. Je, ni mashua zilizoidhinishwa kwenda ziwani, au ni zilizoadhibiwa? Kamusi haisaidii, kwa kuwa inazikubali maana zote mbili. Kinachosaidia ni safu zilizo kando ya majina. Kama pana namba ya leseni na tarehe ya kwisha kwake, orodha ni ya idhini. Kama pana kiasi cha fedha na idadi ya siku, orodha ni ya adhabu. Kama pana majina matupu, mfasiri hana haki ya kukisia. Ni wajibu wake kumrudia katibu na kumuuliza.

Wapo ambao hujiokoa kwa kuandika "mashua zilizoamuliwa". Kifungu hicho hakina kosa la lugha, lakini mwenye mashua akikisoma hajui kama asukume chombo majini au akivute nchi kavu. Akienda bila idhini, huenda akapoteza nyavu na injini. Akikaa nyumbani hali ameruhusiwa, amepoteza riziki ya siku hizo. Utata ambao katika Kiingereza ulikuwa wa neno, katika tafsiri hiyo umekuwa hasara ya mtu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Kiingereza pekee ndicho chenye kasoro hii. Kwa mujibu wa sheria ya mwenendo wa kesi za jinai nchini Kenya, lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Shahidi wa Homa Bay anaweza kusema kwa Kidholuo, mkalimani akatoa Kiswahili, na hakimu akaandika Kiingereza. Shahidi akitumia kitenzi "holo", ametumia neno la kukopa na la kukopesha kwa pamoja. Mkalimani akisema "aliazima wavu", naye ametumia neno la namna hiyohiyo, kwani kuazima ni kuchukua na pia ni kutoa. Lakini Kiingereza kina vitenzi viwili hapo, na hakimu lazima aandike kimoja. Katika shauri la wizi wa wavu, kitenzi hicho ndicho kinachosema wavu ulikuwa wa nani.

Kiswahili kina dawa yake, nayo imo katika umbo la kitenzi. "Aliniazima wavu" humweka msemaji upande wa kupokea. "Aliazima wavu kwangu" humweka upande wa kutoa. Na "kuazimisha" huondoa shaka yote. Mkalimani anayetamka kitenzi kitupu, bila kiambishi cha yambwa wala mnyambuliko, hakufasiri. Amemkabidhi hakimu utata aliopewa na shahidi, na hakimu hana njia ya kujua kwamba ulikuwapo.