Nuru ya Chumba cha Kulia, Jette

Katika nyumba namba 135 ya mtaa wa Esseghem, Jette, René Magritte aliishi tangu 1930 hadi 1954, akichora katika chumba cha kulia. Humo, kuanzia 1943, Brussels ikitawaliwa na Wajerumani, alishika rangi angavu na brashi laini ya Renoir. Kwa nini aige ndani sanaa iliyozaliwa nje?

Waimpresheni walitoka nje kwa msaada wa tyubu ya bati, aliyoibuni John Goffe Rand mwaka 1841. Kabla yake rangi ya mafuta ilitiwa katika kibofu cha nguruwe. Kikishatobolewa hakikuzibika vizuri, na rangi ikakauka. Tyubu ilifungika, hivyo picha iliweza kumalizwa palepale mtoni.

Kamera nayo iliwaachia kazi. Ilinasa maumbo bila rangi, na mtu aliyetembea mara nyingi alibaki kivuli kilichofifia. Monet aliwachora wapita njia wa Boulevard des Capucines kama madoa ya namna hiyo, lakini ndani ya rangi za hewa ya baridi. Mwaka 1874 picha hiyo ilionyeshwa katika iliyokuwa studio ya mpigapicha Nadar, mtaa huohuo.

Magritte alikuwa na tyubu, na kamera pia. Hakutoka, kwa kuwa nuru aliyoitaka haikuwapo mtaani. Monet aliifukuzia nuru kabla haijapita. Magritte aliichora ile ambayo vita vilikuwa vimeinyima Jette.